Retune Speed ya 0, 20, 50 au 120: ipi inaweka sauti kwenye noti bila kuigeuza roboti

Watu wengi huku Tanga wanaorekodi nyumbani, laptopu moja na maiki moja, wakifungua Auto-Tune au plagini nyingine ya kunyoosha noti za sauti wanakutana na kinobu kinaitwa `Retune Speed` wanakizungusha mpaka sauti "inanyooka" halafu basi, wanahamia kwenye kompresa. Afu wimbo ukitoka unasikia dada ana sauti tamu kabisa lakini imekauka, kila silabi imekatwa kama na kisu, na mtu anasema plagini mbaya. Plagini haina neno, namba ndo haikuendana na alivyoimba. Kwa hiyo nataka tuziweke hizi namba nne pembeni kwa pembeni juu ya mstari uleule mmoja, tusikie kila moja inafanya nini, ndo uchague.

Kwanza tuelewane namba yenyewe ni nini. Ni muda, kwa milisekunde, ambao plagini inachukua kuisogeza sauti kutoka pale mwimbaji alipo mpaka kwenye noti inayotakiwa. Kwenye Auto-Tune inaanzia 0 inaenda mpaka 400. Namba ndogo maana yake haraka, namba kubwa maana yake taratibu, na hapa wengi wanachanganya kwa sababu wanaona neno Speed wanadhani ukiongeza namba unaongeza kasi, kumbe kinyume. Ukiweka 0 sauti inarushwa papo hapo kwenye noti, hakuna safari. Na sauti ya mtu haiendi hivyo, mtu akiimba anaingia kwenye noti kwa kuteleza kidogo kutoka chini, anatoka kwa kuteleza, akishikilia noti ndefu inatetemeka. Hayo mateleza na huo mtetemo ndo vitu sikio linatumia kujua kwamba huyu ni binadamu. Ukivifuta vyote umebaki na ngazi, noti, noti, noti, bila mteremko katikati.

Sasa mstari wenyewe. Chukua kiitikio cha bongo fleva chenye ladha ya taarab, tempo 96, kii ni A maina, mwimbaji dada wa Makorora anaimba "Nimekungoja bandarini, mpaka jua limezama". Hesabu moja tu tutaifanya: biti moja kwenye tempo ya 96 ni 60,000 gawa kwa 96, unapata milisekunde 625. "Nimekungoja" inaimbwa haraka, kwa mwendo wa silabi nne kwa kila biti, kwa hiyo kila silabi ina kama milisekunde 156. "Ba" ya bandarini anaingia nayo kwa kuteleza kutoka chini, kutoka G kuja A. Na "ma" ya limezama anaishikilia kwenye A biti mbili nzima, milisekunde 1250, ameingia nayo chini kidogo kama senti 35 (senti 100 ni nusu toni moja, kama kutoka kibonye cheupe cha piano kwenda cheusi kilicho jirani yake), halafu katikati mtetemo unaanza. Mtetemo wa sauti wa kawaida unapiga kama mara 5 au 6 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua takriban milisekunde 170 mpaka 200. Shika hizi mbili tu, silabi fupi ni 156 na wimbi la mtetemo ni kama 180, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatokana nazo.

Namba 0. Silabi za "Nimekungoja" zimekaa kwenye noti kabisa, huwezi kulalamika hapo. Lakini "ba" haitelezi tena, inaanza tu kwenye noti kama imebandikwa. "Ma" inakuwa mstari mnyoofu, mtetemo wote umelambwa kwa sababu plagini inairudisha sauti kwenye noti kila inapotaka kutikisika. Huu ndo ule mlio ambao watu wanaupenda kwenye trep na nyimbo za klabu, na kama unautaka, sawa kabisa, weka 0 na mwimbaji aimbe kwa kuteleza sana makusudi maana ule mruko ndo utamu wake. Ila kwa huyu dada na huu wimbo ni hasara tupu, umemwita yeye kwa ajili ya ile "ma" halafu unaitupa.

Hata hivyo 0 ina kazi moja nzuri ambayo naifanya kila mara kabla ya kitu kingine chochote. Iweke 0 kwa muda, sikiliza mstari wote, usijali mlio wa roboti, sikiliza tu noti zinazotoka ni zile alizokusudia? Kwa kasi hiyo kosa lolote la skeli, yaani orodha ya noti ulizoiruhusu plagini izitumie, linapiga kelele. Na kwenye huu mstari litapiga kelele kwenye "ri-ni", kwa sababu dada anapanda G# kwenda A, ile noti ya taarab inayoipa A maina ule uchungu wake, na wewe umechagua A maina ya kawaida ambayo haina G#. Plagini haijui uchungu, inaiona G# haipo kwenye orodha, inaisukuma kwenye G au A, nusu toni nzima. Hapo utasikia silabi imevunjika, na ukiona hivyo usishike kinobu cha kasi, nenda kwenye skeli uiongeze G#. Kosa la skeli ukilipunguzia kasi linajificha tu, halitibiki.

Hiki kipimo ukumbuke: kama umepunguza kasi kutoka 20 mpaka 80 na ule mlio mbaya bado upo palepale, basi tatizo sio kasi. Ni skeli, au ni kelele zilizoingia kwenye maiki, mfano hedfoni zinavuja biti, feni, jenereta ya jirani, muadhini wa msikiti wa nyuma. Plagini inahitaji kusikia sauti moja safi ili ijue iko noti gani, ikisikia mbili inababaika na sauti inagugumia kama ina maji kooni. Dawa ya hiyo ni kurekodi upya na hedfoni zilizoziba, hakuna namba itakayokuokoa.

Namba 20. Hapa ndo wengi wanaishi na wana sababu. Silabi ya milisekunde 156 inakuwa imeshafika kwenye noti mapema tu, ile sehemu ya mwanzo inayobaki nje ya noti inafunikwa na konsonanti, "n", "m", "k", ambazo sikio halizisikilizii noti sana. Kwa hiyo "Nimekungoja" inasikika imenyooka na bado ni mtu. "Ba" inabaki na mtelezo mfupi, umebanwa lakini upo. Shida iko kwenye "ma" tu. Wimbi la mtetemo lina milisekunde 180, plagini inasahihisha ndani ya 20, maana yake kila wimbi likijaribu kupanda linarudishwa kabla halijafika mbali. Mtetemo unabaki mwembamba, kama mtu anaimba huku kabanwa. Kwenye biti yenye ngoma nyingi na sinti huenda usigundue, kwenye biti ya gitaa moja na kinanda utagundua sekunde ileile.

Namba 50. "Ma" inaanza kupumua. Inaingia chini kwa zile senti 35, inapanda taratibu, mtetemo unapungua ukubwa kidogo lakini umbo lake lipo. "Ba" inateleza vizuri, mpaka unasahau kuna plagini. Silabi fupi sasa, theluthi ya kwanza ya kila silabi inapita wakati plagini bado inasogeza. Kama mwimbaji amekosea senti 15 au 20 hakuna atakayejua. Kama "ngo" amekosea senti 40, unaanza kusikia kidogo, sio roboti, ni kutokukaa sawa tu. Kwa mwimbaji mzuri 50 inatosha wimbo mzima na unaweza kwenda kunywa chai, kwa mwimbaji wa kati 50 inatosha noti ndefu na inamwangusha kwenye noti fupi.

Namba 120. "Nimekungoja" haijaguswa kivile. Silabi inaisha karibu wakati plagini ndo inakaribia kufika, kwa hiyo aliyeingia vibaya anatoka vibaya. Lakini isikilize "ma". Ina muda wa 1250, plagini ina nafasi ya kuisogeza polepole sana mpaka A, na mtetemo unapita karibu wote maana usahihishaji ni wa taratibu kuliko kupanda na kushuka kwa wimbi, unarekebisha katikati ya wimbi tu sio wimbi lenyewe. Hiyo ndo sauti unayotaka kwenye noti ndefu.

Unaona basi kwamba hakuna namba moja iliyoshinda mstari mzima. Silabi fupi zinataka 20, noti ndefu inataka 80 au 120, na zote ziko kinywani mwa mtu mmoja ndani ya sekunde chache. Ndo maana swali la "bongo fleva naweka ngapi, gospo naweka ngapi" huwa halinipi raha kulijibu, urefu wa noti ndo unaamua, na anachokifanya mwimbaji ndani ya hiyo noti. Vesi ya maneno mengi ya haraka inataka namba ndogo hata kama ni kaswida, na kiitikio cha noti ndefu kinataka namba kubwa hata kama ni wimbo wa klabu.

Kwa hiyo ulinganisho wa pili, na huu ndo unaoamua kazi: ufanyeje kuzipata zote mbili? Kuna `Humanize` na kuna otomesheni.

`Humanize` imewekwa kwa ajili ya shida hiihii. Inaacha noti fupi zisahihishwe kwa kasi uliyoweka, lakini ikiona noti imeshikiliwa inapunguza kasi kwenye hiyo noti tu. Unaanza nayo 0, unatafuta Retune Speed inayokaa vizuri kwenye silabi fupi, hapa kwetu 20 mpaka 25, usijali "ma" imekauka. Halafu unapandisha Humanize taratibu huku unarudia "limezama" peke yake mpaka mtetemo urudi. Usianze na Humanize juu halafu ndo utafute kasi, utakuwa unazungusha vinobu viwili vinavyovutana na hutajua kipi kimefanya nini. Uzuri wake ni haraka na unafanya wimbo mzima. Ubaya wake haijui wimbo, noti ya urefu wa kati inaweza kuchukuliwa hivi mara moja na vile mara nyingine, na kwa mwimbaji anayechezacheza na sauti utasikia sehemu moja imelegea na jirani yake imekaza.

Otomesheni ni wewe mwenyewe unachora kwenye treki: 22 kwenye "Nimekungoja bandarini", inapanda 90 "ma" inapoanza, inarudi 22 mstari unaofuata. Inakula muda, lakini kiitikio huwa kinajirudia, ukichora kimoja vizuri unakopi kwa vingine kama tempo na uimbaji vinafanana. Mimi kwa kiitikio nachora, kwa vesi naachia Humanize. Kiitikio ndo watu watakiimba kwenye daladala, kinastahili hiyo nusu saa.

Na kuna mtego mmoja kwenye "ma" ambao kasi peke yake inautatua nusu. Kumbuka tuliongeza G# kwenye skeli kwa ajili ya "ri-ni". Sasa dada anaingia "ma" chini senti 35, na mtetemo wake tuseme unashuka senti 30 zaidi, jumla 65 chini ya A. Mpaka kati ya A na G# uko senti 50. Maana yake kila wimbi likishuka, plagini inaamua hii sasa ni G#, inavuta chini, likipanda inasema hii A, inavuta juu. Ukiwa na 20 unapata sauti inayorukaruka kati ya noti mbili kama kengele ya baiskeli. Watu wakisikia hivyo wanasema "autotune imezidi" wanazima kila kitu. Ukipeleka 90 mruko unalainika sana lakini unaweza kubaki mawimbi ya ajabuajabu. Dawa kamili ni kuiondoa G# kwenye skeli pale "ma" tu, kwa otomesheni, ili jirani wa karibu chini awe G ambaye mpaka wake uko mbali zaidi, senti 100 chini ya A. Dakika mbili za kazi, na noti inakaa.

Kama mwimbaji mwenyewe anakaa studio mwachie asikilize hatua hii, wengi wana masikio makali kuliko sisi kwenye sauti zao. "Kaka hapo umeninyoosha mno, mimi hiyo huwa naichezesha," akikwambia hivyo anakupa namba bila kujua, pandisha mpaka aseme hapo hapo.

Kwa sauti ya taarab yenyewe, na mji huu ni wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, sina haja ya kueleza watu wa hapa taarab ya gitaa ikoje, mambo yanabadilika. Gitaa lina freti, noti zake zimekaa sehemu moja, lakini koo halina freti. Mwimbaji anaivuta silabi moja kupitia noti tano sita, na nyingine hazimo kwenye zile 12 za piano kabisa, ziko katikati. Plagini ikiwa 20 inazigawa hizo za katikati, moja juu moja chini, na ghani nzima inageuka mazoezi ya kinanda. Hapa linganisha mbili tu. Ya kwanza, Retune Speed 100 mpaka 150 pamoja na `Flex-Tune`, ambayo inasahihisha pale sauti ikikaribia noti na kuiachia ikiwa mbali, kwa hiyo michezo ya katikati inapita. Ya pili, usiweke plagini ya moja kwa moja kabisa, sikiliza, tafuta zile noti mbili tatu zilizokosewa kweli, uzirekebishe kwa mkono kwenye programu ya Melodyne au kwenye hali ya grafu ya Auto-Tune. Mimi nachagua ya pili kwa taarab bila kusita. Kwenye Melodyne unaisogeza noti nzima ikiwa na mtetemo wake na mateleza yake ndani, unasahihisha kitovu tu, na sehemu nyingine yote inabaki kama Mungu alivyompa.

Sio wote wana Auto-Tune, najua. Kwenye programu ya kurekodi ya Reaper kuna ReaTune inakuja humohumo bure, kinobu unachokitafuta kinaitwa `Attack time` nacho kinasoma milisekunde, mantiki ni ileile. Ukiwa na plagini ambayo kinobu chake hakionyeshi milisekunde, usijaribu kubadilisha namba, tumia sikio: peleka kwenye haraka kabisa, rudia mstari wenye mtelezo kama "ba" yetu, rudi nyuma taratibu mpaka usikie mtelezo umerudi, hapo uko kwenye eneo la 20 kwenda 30. Endelea kurudi mpaka mtetemo wa noti ndefu urudi, hapo uko kwenye eneo la 50 kwenda juu.

Na kote huko kuna kikomo. Senti 20, 35, hata 40, plagini inazibeba bila mtu kujua. Noti iliyokosewa senti 80 au zaidi, ukiweka haraka inasikika roboti, ukiweka taratibu unasikia sauti inapanda kama king'ora mpaka ifike. Hiyo hakuna namba, mwite dada arudie huo mstari, mpe maji, mwongezee sauti ya kinanda kwenye hedfoni ajisikie yuko wapi, mara nyingi alikosea kwa sababu alikuwa hasikii kii.

Mpangilio wa plagini, kwa haraka: ya kusahihisha inakaa ya kwanza kabisa, kabla ya kompresa, kabla ya riverbu na dilei. Ukiiweka baada ya riverbu inasikia noti ya sasa na mkia wa noti iliyopita pamoja, inababaika. Na kuamua kasi usiamue kwenye solo peke yake, amua kwenye solo halafu hakiki na biti ikiwa inapiga, kwa sababu 25 inayokusumbua kwenye solo inaweza kukaa vizuri kabisa chini ya ngoma, na 60 iliyokaa vizuri kwenye solo inaweza kusikika iko nje pale besi inapoingia.

Bekapu ni habari nyingine. Zile sauti za nyuma zinazojibu "limezama, limezama" unaweza kuzipeleka 10 mpaka 15 bila huruma, zimejificha, na zikinyooka zinaibeba ya mbele. Ila kama umerekodi treki mbili za dada yuleyule akiimba noti zilezile, usiziweke zote 0. Zikinyooshwa kwenye mstari mmoja zinakaribia kuwa kitu kimoja na zinaanza kulana, unasikia sauti nyembamba inayozungukazunguka kama iko ndani ya bomba. Moja weka 15, nyingine 40, kila moja ipelekwe upande wake, kulia na kushoto, na ule upana unarudi.